Hela Imekwenda Namba Nyingine: Orodha Inasaidia Wapi, Inakwamisha Wapi

Mwisho wa mwezi, mishahara ikishaingia, kuna foleni moja inayorefuka katika kila kituo cha huduma kwa wateja kinachoshughulikia pesa za simu. Ni foleni ya hela zilizotumwa kimakosa. Mtu alitaka kumtumia mama yake, kidole kikateleza kwenye tarakimu moja, hela ikaingia kwa asiyemjua. Jina la mpokeaji lilitokea kwenye simu kabla hajathibitisha, lakini alikuwa anadandia daladala, au amezoea kubonyeza bila kusoma. Sasa anapiga simu, na sauti inamtetemeka. Kwa mhudumu aliyevaa hedifoni tangu saa moja asubuhi, huyu ni mteja mwingine tena mwenye kisa kilekile.

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, na tangu hapo vijana wengi wamekula mkate wao kwenye foleni hii. Taratibu za kampuni moja na nyingine hutofautiana, lakini kiini cha kazi ni kimoja: kumtambua anayepiga, kuupata muamala, kuzuia kiasi kilichotumwa kisitolewe, kumuuliza mpokeaji, kisha kurudisha au kukataa. Ni hatua chache, zinajirudia kutwa nzima, na mhudumu wa miezi mitatu anaweza kuzitaja zote bila kufikiri. Kwa nini basi apewe karatasi ya kumkumbusha kile anachokijua?

Kwa sababu makosa ya foleni hii hayatokani na kutojua. Mhudumu akisahau kusalimia, mteja atanuna hapohapo na kosa litaonekana. Akitaja kiasi kisicho sahihi, mteja atamsahihisha. Lakini akisahau kubonyeza kitufe cha kuzuia hela, hakuna kinachopiga kelele. Skrini inabaki vilevile, mteja anashukuru, simu inakatwa, na mpokeaji anaingia kwa wakala kutoa hela yote. Kosa linajulikana kesho yake, likiwa halina tena dawa. Orodha ya kuhakiki, au cheklisti kama wanavyoiita kazini, ina thamani kwa makosa ya namna hiyo: yale ya kimya ambayo hayarudi nyuma. Makosa mengine yote yana walinzi wake.

Tuchukue kisa kimoja tukifuate hadi mwisho. Saa nane na dakika tano mchana mtu ametuma shilingi 85,000 kwa namba inayoishia 437. Saa nane na robo anapiga simu: “Dada, naomba unisaidie, nimetuma hela siko. Nilikuwa natuma kwa 473.” Mhudumu anasema pole, anamuuliza maswali ya utambulisho, majibu yanalingana. Anaufungua muamala, anauona. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, kosa ambalo hata mtoto anaweza kulifanya. Hela bado ipo kwenye akaunti ya mpokeaji. Moyo wa mhudumu umeshaegemea kwa mteja, kwani kila kitu kinaonyesha anasema kweli.

Hapa ndipo mhudumu mzoefu anaposimama. Anafungua historia ya mteja na kutazama kama amewahi kutuma kwa hiyo 437. Akikuta kwamba wiki mbili zilizopita alituma 40,000 kwa namba hiyohiyo, kisa kimegeuka. Huenda 437 ni ya muuza vitenge wa sokoni, mzigo umeshachukuliwa, na mnunuzi yuko kwenye bodaboda akijaribu kurudishiwa bei. Ulaghai huu ni wa zamani katika pesa za simu, na kinachouwezesha ni huruma ya mhudumu aliyemsikia upande mmoja. Hatua ya kutazama historia inachukua muda mfupi sana, lakini haina kengele. Mhudumu anayeiruka siku ya shughuli nyingi hatajua kwamba ameiruka, na atakayeumia ni muuza vitenge, ambaye hata hakuwa kwenye simu.

Tuseme historia ni safi. Mhudumu anazuia 85,000. Anampigia mpokeaji, simu haipatikani. Anamwambia mteja asubiri, anaandika maelezo, anaiacha tiketi wazi, anachukua simu inayofuata. Asichokijua ni kwamba mteja huyu, akiwa anasubiri kupokelewa, aliandika pia kwenye WhatsApp ya kampuni, na ujumbe ule umezaa tiketi ya pili. Jioni mhudumu mwingine anaifungua hiyo ya pili, anampata mpokeaji, mpokeaji anakubali, hela inarudishwa. Saa moja baadaye mhudumu wa kwanza anarudi kwenye tiketi yake, anaona mpokeaji sasa anapatikana, anampigia. Mpokeaji anasema ndiyo, nimekubali, kwa kuwa anadhani ni ufuatiliaji wa jambo lilelile. Mfumo ulioandikwa vizuri utakataa kurudisha muamala mmoja mara mbili. Lakini mahali ambapo marejesho hufanywa kwa mkono, kwa kujaza fomu ya marekebisho, yanaweza kupita, na mtu aliyeonyesha uungwana akakatwa 85,000 zake mwenyewe.

Orodha inayofaa foleni hii ni fupi, na imegawanyika pande mbili kufuatana na vituo viwili ambapo kusimama kidogo kunaleta faida:

Kabla ya kuzuia hela:
– Anayepiga ni mwenye laini?
– Kuna tiketi nyingine ya muamala huu? (Tafuta kwa namba ya kumbukumbu, si kwa jina.)
– Amewahi kutuma kwa namba hii?

Kabla ya kukata simu:
– Kilichozuiwa ni kiasi hicho tu, na kimezuiwa kweli?
– Mteja anajua lini atajibiwa, na kwamba mpokeaji bado hajaulizwa?

Basi. Hakuna “msalimie mteja”, hakuna “mshukuru kwa kupiga”, hakuna “fungua mfumo”. Swali la nne linaonekana dogo, lakini kuna wahudumu wanaofunga akaunti nzima ya mpokeaji badala ya kiasi kilichoingia kimakosa, na mtu asiye na hatia akajikuta ameshindwa kulipa nauli. La tano linazuia ahadi. Mhudumu anayesema “hela yako itarudi kesho” ametoa ahadi iliyo mikononi mwa mtu wa tatu, na kesho hiyo foleni itakuwa na simu moja zaidi, yenye hasira. Ningependa pia kila mhudumu akumbuke kutomsomea mtumaji jina kamili au makazi ya mpokeaji. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania ilitunga yake 2022. Ila jambo hilo mahali pake ni kwenye mafunzo na kwenye mpangilio wa skrini. Tukiliingiza kwenye orodha, tutaingiza na mengine kumi.

Wazo la orodha fupi yenye vituo halikuzaliwa kwenye simu. Oktoba 1935 ndege mpya ya Boeing yenye injini nne ilianguka ikiwa kwenye majaribio huko Wright Field, Ohio, na rubani Ployer Hill akapoteza maisha. Ndege haikuwa mbovu. Kilichotokea ni kwamba vile vifungio vinavyozuia mabawa madogo ya usukani yasipigwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa havikufunguliwa kabla ya kuruka. Ni kosa la kimya lilelile: ndege iliwaka, ikakimbia, ikapaa, na hakuna kilichowaambia. Marubani wa jeshi hawakudai mafunzo marefu zaidi. Waliandika orodha fupi za kusoma kabla ya hatua kubwa kama vile kuruka na kutua.

Watu wa urubani hutofautisha aina mbili za orodha, na tofauti hiyo ni muhimu sana kwenye meza ya huduma. Kuna orodha ya kusoma na kutenda: unasoma mstari, unafanya, unasoma unaofuata. Hiyo inafaa kazi ngeni au ya nadra. Na kuna orodha ya kutenda kisha kuhakiki: unafanya kazi yako kwa namna unayoijua, halafu kwenye kituo unasimama na kuhakikisha hujaacha kitu. Foleni ya miamala inataka hii ya pili. Ukimpa mhudumu orodha ya kusoma na kutenda, ataisoma mteja akiwa hewani. Mteja atasikia sauti ya mtu anayesoma, atajua kwamba hasikilizwi, na ataanza kujibu kwa mkato. Hapo taarifa ambayo angeitoa mwenyewe, kwamba ameshaandika WhatsApp, haitatoka.

Hospitali nazo zimepita njia hii, na moja kati ya zilizoitangulia iko kwetu. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19 na vituo vitatu, lilichagua hospitali nane katika miji minane duniani. Pamoja na Seattle, London, Toronto na Delhi ilikuwamo Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: kwa hospitali zote nane kwa jumla, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Habari hiyo ilienea, na nchi nyingi zikaagiza orodha itumike.

Jimbo la Ontario, Kanada, liliagiza hivyo kwa hospitali zake zote. Watafiti walipopima hospitali 101 za jimbo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2014, hawakuona upungufu wa maana wa vifo wala wa matatizo. Hospitali zilikuwa zimeripoti kwamba orodha inatumika karibu kila mara. Lucian Leape, daktari wa Harvard aliyeandika tahariri katika jarida lilelile, aliona kwamba sababu inayoelekea zaidi ni kuwa kwa kweli haikutumika. Karatasi zilijazwa, kusimama hakukuwapo.

Kila msimamizi wa kituo cha huduma anapaswa kuukumbuka mfano wa Ontario kabla hajaamuru kwamba kila tiketi ifungwe na orodha yake. Tiki ikishakuwa sharti la kufunga tiketi, mhudumu anajifunza kuweka tiki, kwa sababu ndicho kinachopimwa. Na dalili zake zinaonekana kwa yeyote anayetaka kuzitazama. Fungua tiketi ishirini za wiki iliyopita utazame saa za tiki. Kama zote tano zimewekwa kwa pamoja, sekunde chache kabla ya kufunga, hakuna aliyesimama kwenye kituo cha kwanza: kazi iliisha, kisha fomu ikajazwa. Tazama na maelezo. Yakifanana neno kwa neno kati ya wateja tofauti, yamenakiliwa. Dalili ya tatu naipenda zaidi, kwa kuwa inatoka kwa wahudumu wenyewe: pita mezani uone kama wamebandika vikaratasi vyao pembeni ya skrini. Kikaratasi hicho ndicho orodha halisi. Mara nyingi kina mambo matatu, na mawili kati yake hayamo kwenye orodha rasmi.

Orodha rasmi huharibika kwa njia inayoeleweka. Kila baada ya tukio baya, kikao kinakaa, na njia rahisi ya kuonyesha kwamba jambo limeshughulikiwa ni kuongeza mstari. Hakuna kikao kinachokaa kuondoa mstari. Baada ya miaka miwili ile mitano imekuwa ishirini na tatu, na maswali matatu yanayookoa hela za watu yamezama kati ya “hakiki lugha ya mteja” na “thibitisha aina ya simu”. Ukitaka kuipunguza, uliza kila mstari swali moja: ni lini mara ya mwisho ulimzuia mhudumu asikosee? Wasioweza kutoa hata kisa kimoja cha miezi ya karibuni waondoke. Na mstari ambao mashine inaweza kuufanya, upewe mashine. Lile swali la tiketi ya pili lisingehitajika kabisa kama mfumo ungeonyesha tiketi zote za namba moja ya kumbukumbu kwa pamoja. Mpaka hapo mafundi watakapolitengeneza, libaki kwenye orodha. Siku watakapolitengeneza, lifutwe siku hiyohiyo.

Kuna tiketi ambazo hazihitaji orodha tangu mwanzo. Mteja anayeomba taarifa ya miamala ya mwezi, akishatambuliwa, atumiwe. Ukituma ya Machi badala ya Aprili atakuambia, na utatuma tena. Kosa linajitangaza na linarekebishika kwa dakika moja. Kuwekea kazi ya namna hiyo tiki tano ni kuwafundisha wahudumu kwamba tiki ni urasimu, na somo hilo watalibeba hadi kwenye foleni ya miamala, ambako lina gharama.

Halafu kuna simu zinazoingia kwenye foleni ileile lakini si za kazi ileile, na hizi ndizo zinazoniuma. Mama anapiga: mume wake amefariki wiki iliyopita, ada ya watoto iko kwenye laini ya marehemu. Mfumo umeipanga simu hiyo chini ya “matatizo ya muamala”. Mhudumu mwenye orodha mbele yake anasoma swali la kwanza: “Naomba kuzungumza na mwenye laini.” Hana roho mbaya. Ameambiwa asiruke mstari, na simu hurekodiwa na kupewa alama. Lakini mama yule hatalisahau swali hilo, na ana haki.

Simu hiyo haitaki orodha hewani. Inataka mtu aseme “Pole sana, mama,” anyamaze, asikilize, kisha aulize kama familia imeshapata cheti cha kifo na kama msimamizi wa mirathi ameshateuliwa mahakamani, kwa kuwa kwa kawaida hizo ndizo karatasi zitakazohitajika. Inataka pia amwambie asijaribu kubahatisha namba ya siri, maana akikosea mara kadhaa akaunti itafungwa na safari itarefuka. Orodha ina nafasi baadaye, kwa anayepokea nyaraka na kuzikagua, ambako karatasi moja ikikosekana mama atarudishwa kutoka mbali. Kwa hiyo juu ya orodha ya miamala panafaa kuandikwa mstari mmoja unaomruhusu mhudumu kuiweka pembeni: ikiwa anayepiga anataja msiba, ugonjwa, wizi wa kutumia nguvu au mtoto, acha orodha, sikiliza, mwite msimamizi ukihitaji. Na ruhusa hiyo ihesabiwe kwenye alama. Mhudumu anayekatwa alama kwa kuruka swali la kwanza mbele ya mjane hataliruka mara ya pili.

Hali ya pili ya kuweka orodha pembeni ni siku mtandao unapoanguka. Saa nne asubuhi miamala inakwama, hela imekatwa kwa mtumaji na haijafika kwa mpokeaji, na foleni inatoka tiketi thelathini hadi mamia ndani ya nusu saa. Mhudumu mtiifu ataanza na ya kwanza: mwenye laini, tiketi ya pili, historia. Kila simu dakika sita, na zote zina chanzo kimoja ambacho yeye hawezi kukigusa. Hapo msimamizi wa zamu anatakiwa atangaze kwa sauti kwamba orodha imesimamishwa, na abakize swali moja tu: muamala ulifanyika baada ya saa fulani? Ukijibiwa ndiyo, mteja anaambiwa tatizo linajulikana, asitume tena, na tiketi yake inafungwa pamoja na tiketi kuu ya tukio. Hilo la kutotuma tena ndilo zito kuliko yote, kwa sababu anayetuma mara mbili kwa wasiwasi atakuwa na miamala miwili mtandao ukirudi.

Kusimamisha orodha kunahitaji saa ya kuirudisha, na hapo ndipo vituo vingi vinapoteleza. Mtandao unarudi saa saba, wahudumu wamechoka, na mkono umeshazoea kufunga tiketi kwa jibu moja. Kati ya zilizobaki mle kuna mtu aliyekosea tarakimu saa tano na nusu, ambaye hela yake haikukwama popote: ilifika, kwa mtu mwingine. Akifungiwa pamoja na wengine kwa jibu la “tatizo limetatuliwa”, hataweza hata kueleza amekosewa nini. Msimamizi anayetangaza kusimamisha atangaze na mwisho wake. Kisha achuje tiketi zote zilizofungwa kwa jibu la pamoja, atoe zile ambazo mfumo unaonyesha muamala wake ulikamilika, na azirudishe kwenye foleni zikafanyiwe orodha kuanzia mstari wa kwanza.